Kubandika hati za wateja kwenye Google Translate: zipi salama, zipi tuache?

#1 Fundi Chapa
Wakuu, habari zenu. Nina steshenari karibu na mahakama. Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi na siku hizi kutafsiri. Watu wanaleta hukumu za Mahakama ya Mwanzo, barua za kuachishwa kazi, mikataba ya Kiarabu ya mabinti wanaokwenda Ghuba. Ninachofanya ni kuchapa au kuskani, nabandika Google Translate, nanyoosha sentensi, naprinti, mteja anaondoka.

Juzi mama mmoja, mwalimu, kaleta hukumu yake ya talaka iwekwe Kiingereza, inatakiwa nje aliko dada yake. Ndani mna habari za ugonjwa wake, majina ya watoto, kijiji, kila kitu. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maneno yangu yanabaki wapi ukishamaliza?" Nikakosa la kumjibu, nikamwambia arudi wiki ijayo. Mnaojua naomba mnisaidie. Hati gani naweza kubandika bila wasiwasi, gani niiache kabisa, na kama ni kuficha majina, nafichaje bila tafsiri kuvurugika?

#2 Mchokozi255
Kwanza tuambie ukurasa mmoja unachaji bei gani, maana kazi inafanywa na Google, hela unakula wewe.

#3 Karani Mstaafu
Kijana, unajitisha bure. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi. Hukumu husomwa mbele ya watu, ni hati ya wazi. Za mahakama za juu zimejaa kwenye tovuti ya TanzLII, mtu yeyote anasoma na majina yake humo humo. Siri iko wapi? Barua ya benki sawa, vyeti vya hospitali sawa, lakini hukumu bandika tu.

#4 Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, ubalozini hawapokei tafsiri ya Google. Mpeleke huyo mama BAKITA, watamtafsiria na kumgongea muhuri. Mwanangu mimi alirudishwa dirishani kwa sababu ya mambo hayo hayo.

#5 Fundi Chapa
Shikamoo Bi Mkubwa. Ushauri nimeupokea, ila swali langu halikuwa kama itakubalika. Nauliza maneno yake yanakwenda wapi.

#6 Kijana wa Kompyuta
Yanakwenda kwenye seva za kampuni na huko hayatoki. Kuna kampuni ya mafuta ya Norway, enzi hizo ikiitwa Statoil, mwaka 2017 wafanyakazi walitumia mtandao wa kutafsiri, wadukuzi wakaingia wakachukua mikataba na manenosiri yote. Tangu nisome ile habari mimi sibandiki hata salamu.

#7 Mkalimani Huru
Hapo #6 umepatia nusu. Kisa ni cha kweli, ila hakuna aliyedukuliwa, na ndiyo maana kinafaa hapa. Shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilikitoa Septemba 2017. Tovuti yenyewe ilikuwa Translate.com. Maandishi ambayo watu walibandika yalihifadhiwa kwenye kurasa zilizokuwa wazi, maana tovuti ilitaka watu wa kujitolea wazipitie tafsiri na kuziboresha. Mitambo ya kutafuta ikazisoma kurasa hizo kama inavyosoma kurasa nyingine yoyote. Ukiandika jina la kampuni kwenye Google unakutana na barua za kufukuza watu kazi, mipango ya kupunguza wafanyakazi, mikataba, hata manenosiri. Soko la hisa la Oslo lilifunga zana za namna hiyo kwenye kompyuta za wafanyakazi wake, Google Translate ikiwemo, ingawa haikuwa Google iliyomwaga.

Kwa hiyo Fundi, usiweke zana zote kapu moja. Tovuti ndogo ya bure usiyoijua mwenyewe ni nani ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. DeepL ya bure wenyewe wanasema maandishi yanaweza kutumika kuboresha mfumo wao, na wanakutaka usiweke taarifa binafsi za watu. Ile ya kulipia wanaahidi kuyafuta baada ya kutafsiri. Google nao huduma wanayowauzia makampuni kwa malipo ina ahadi kwamba maandishi ya mteja hayatatumika kwa jambo jingine. Ukurasa wa bure unaoutumia wewe hauna ahadi hiyo.

#8 Nesi wa Zamu
Nyie mnazungumzia seva za Marekani, mimi nina wasiwasi na kompyuta ya Fundi mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda steshenari moja kuprinti vyeti. Nikaandika herufi mbili pale juu kwenye anwani, kivinjari kikaniletea mistari ya mtu mwingine kabisa, "mgonjwa aligundulika na..." na jina lake. Nikadhani ni mchezo. Kumbe Google Translate ikitafsiri inaweka maneno yako ndani ya anwani ya ukurasa. Tazama:

```
https://translate.google.com/?sl=sw&tl=en&text=mgonjwa%20aligundulika&op=translate
```

Kila kilichokaa pale mwisho baada ya `text=` kinabaki kwenye kumbukumbu za kivinjari. Anayekaa kwenye kiti baada yako anakipata bila udukuzi wowote. Na ukinakili hiyo anwani ukamtumia mtu WhatsApp ukidhani unamtumia tovuti, umemtumia na barua nzima.

#9 Mchokozi255
Nesi umenikumbusha. Mimi nilishafungiwa karanga kwenye karatasi ya majibu ya maabara ya mtu. Kopi zilizoharibika steshenari zinakwenda kwa mama karanga. Seva ya Google haijawahi kunipa karanga.

#10 Karani Mstaafu
Hapo umesema kweli, karatasi mbovu ni tatizo kubwa kuliko hayo mengine. Masjala tulikuwa tunachoma.

#11 Fundi Chapa
Nimefanya alivyoonyesha Nesi. Ni kweli, yamo. Halafu nimebonyeza Historia pale pale Google Translate, na yenyewe imejaa, maana akaunti ya duka huwa iko wazi kutwa. Nikifuta inatosha?

#12 Kijana wa Kompyuta
Futa sehemu tatu. Historia ya Google Translate yenyewe, halafu `myactivity.google.com` ukahakikishe hakuna kilichobaki kwenye akaunti, halafu kumbukumbu za kivinjari. Usisahau folda ya vilivyopakuliwa, hasa kama huwa unapakia faili zima la Word au PDF badala ya kubandika. Kuanzia leo tumia dirisha la faragha bila kuingia akaunti, ukilifunga hiyo anwani ndefu haibaki. Na kama unafanyia kwenye simu kwa kibodi ya Gboard, ukiwa umewasha ubao wake wa kunakili, ulichonakili kinakaa pale kama saa moja hata ukifunga programu.

Ila dirisha la faragha halizuii kitu kwenda kwenye kampuni. Hilo watu wengi wanajidanganya.

#13 Wakili wa Mtaani (Nairobi)
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Naona hakuna aliyegusa sheria. Kwetu tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Kamishna wake. Kwenu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Habari za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, na sheria yenu inataka idhini ya maandishi ya mwenyewe kabla hujazichakata. Pia ina masharti juu ya kutoa taarifa nje ya nchi, na seva unazobandikia haziko Dodoma. Fundi si mtu binafsi anayetafsiri barua ya shangazi yake, anatoza pesa.

Kwa Karani, kwa heshima zako mzee wangu. Hukumu kusomwa mbele ya watu kumi na wawili waliokaa benchi ni jambo moja. Maandishi yale yale kupatikana na mtu yeyote duniani anayeandika jina la yule mama ni jambo jingine. Za juu zinachapishwa kwa utaratibu. Ya Mahakama ya Mwanzo inayotaja watoto na ugonjwa haina sababu ya kufika huko.

#14 Karani Mstaafu
Sawa wakili, lakini kuwa wazi ni kuwa wazi. Sheria haikusema wazi kidogo.

#15 Mkalimani Huru
Nirudi kwenye swali la Fundi la kuficha majina, maana ndilo la kazi. Nimetunga kipande kinachofanana na hukumu za aina hiyo:

*"Mdai, Fulani binti Fulani, mwalimu pekee wa kike wa hisabati katika shule ya msingi ya kijiji, mwenye kitambulisho cha taifa 19870314-…, alifunga ndoa na mdaiwa tarehe 6 Juni 2009. Wana watoto wawili, wa kiume miaka 12 na wa kike miaka 7. Mdai alianza kutumia ARV mwaka 2015. Alimfukuza nyumbani baada ya kujua."*

Wengi wanafuta jina na namba ya NIDA wanaona wamemaliza. Namba sawa, ifute yote, maana hata ukibakiza zile tarakimu nane za mwanzo umebakiza tarehe ya kuzaliwa. Lakini soma tena kipande bila jina. Mwalimu pekee wa kike wa hisabati wa kijiji fulani, ana watoto wawili wa umri huo, anatumia dawa. Mtu yeyote wa kijiji kile anamjua. Latanya Sweeney alilionyesha hili Marekani mwaka 1997. Alichukua data za hospitali zilizoondolewa majina, akazilinganisha na orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, akaipata rekodi ya gavana wa Massachusetts mwenyewe, William Weld. Alichotumia ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu.

Kwa hiyo mimi ningekipeleka hivi kwenye mashine:

*"Mdai, Mary A01, mtumishi wa umma, alifunga ndoa na mdaiwa, John B01, tarehe D01. Wana watoto wawili, C01 na C02. Mdai alianza kutumia M01 mwaka D02. John B01 alimfukuza Mary A01 nyumbani baada ya kujua."*

Orodha ya A01 ni nani na M01 ni dawa gani naiandika kwenye karatasi, haiingii kwenye kompyuta. "Mtumishi wa umma" nalo naliandika pale, maana tafsiri ya mwisho lazima irudi "mwalimu" kama hukumu ilivyosema. Tafsiri ikirudi naiweka kwenye Word, nakata intaneti, narudisha kwa Ctrl+H.

Kuna mambo mawili yanaharibu kazi hii. La kwanza ni namna ya kuandika alama. Ukiandika "JINA1" mashine italitafsiri hilo neno, halafu ukitafuta JINA1 hulioni. Herufi na tarakimu mbili hupita salama. Nasema tarakimu mbili kwa sababu ukiandika A1 na A10, siku ya kurudisha A1 itameza A10 na utabaki na jina lenye sifuri mkiani. La pili ni jinsia. Kiswahili chetu kinasema "alimfukuza", hakisemi mwanamume au mwanamke. Ukiondoa majina yote mashine inabahatisha, na mara nyingi inampa mwanamume kila kitu. Ndiyo maana nimeweka Mary na John mbele ya alama, na sentensi ya mwisho nimeiandika upya ionyeshe nani kamfukuza nani. Hata hivyo nasoma kila kiwakilishi kwa kidole, kwa sababu kwenye hukumu ya talaka kumgeuza mpigaji akawa mpigwaji si kosa la sarufi.

#16 Kijana wa Kompyuta
Hiyo yote ya nini? Fungua PDF, chora boksi jeusi juu ya jina, pakia. Dakika mbili.

#17 Mkalimani Huru
Boksi limekaa juu ya maneno, halijayafuta. Jaribu sasa hivi. Chagua hiyo sehemu nyeusi, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu, jina linatoka lilivyo. Mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Trump, waliumbuka hivyo Januari 2019 kule Washington, waandishi wa habari wakasoma kila walichokifunika. Mashine ya kutafsiri nayo inasoma maneno, haioni boksi. Jina ulifute ndani ya maandishi yenyewe kabla hujapakia popote.

#18 Mswahili wa Muscat
Ndugu zangu, mimi niko Omani na karibu kila wiki napokea mkataba wa binti wa kazi za nyumbani, ndugu zake wananiuliza umeandikwa nini. Huku mkataba unakuja kwa picha ya simu. Watu wanaelekeza kamera ya kutafsiri, basi. Picha imebeba namba ya pasipoti, jina la mwajiri, simu yake, saini na msimbo wa mistari pale juu.

Ninachowaambia ni kufunika kabla ya kupiga. Karatasi ngumu au kadi iwekwe juu ya pasipoti na majina, sehemu ya mshahara, saa za kazi na likizo ibaki wazi, maana ndizo zinazotakiwa kueleweka. Msitumie kalamu nyeusi juu ya kopi, mwanga ukipita au mtu akiongeza mng'ao wa picha, namba inasomeka chini ya wino.

Njia nyingine, ile programu ya Google Translate ya simu inaruhusu kupakua lugha. Pakua Kiarabu na Kiswahili, weka simu hali ya ndege, ndipo ubandike. Ikikubali kutafsiri ukiwa huna mtandao, ujue kazi inafanyika ndani ya simu.

#19 Nesi wa Zamu
Hiyo ya hali ya ndege nimeijaribu sasa hivi, inafanya kazi, ila Kiswahili chake kigumu. Sentensi ndefu za kisheria inazikatakata. Kwa mkataba wa kurasa mbili unaelewa, kwa hukumu utalia.

#20 Fundi Chapa
Basi kwa kazi ndefu nje ya mtandao haifai, na ya mtandaoni inataka kwanza nifiche kila kitu. Hukumu ya kurasa nane kuficha kwa mtindo wa #15 ni muda gani?

#21 Mkalimani Huru
Mara ya kwanza ni mrefu, ukizoea unapungua. Lakini kuna vipande hutahangaika navyo. Kwenye hukumu, maelezo ya sheria, vifungu na sababu za hakimu za jumla havina mtu ndani yake, hivyo bandika kama vilivyo. Mistari inayobeba ushahidi, watoto, afya na mali ndiyo ya kuficha, na mingine mimi naitafsiri kwa mkono moja kwa moja. Sentensi tano za ugonjwa hazihitaji mashine.

Matangazo ya tenda yaliyokwisha kutoka gazetini, fomu tupu, maelekezo ya dawa ya kiwandani, sheria iliyochapishwa, hivyo bandika hata usiku wa manane. Manenosiri, namba za siri za simu, taarifa za kadi za benki, hivyo havina haja ya kutafsiriwa kabisa, viondoe. Barua ya mtu aliyenyanyaswa au ya mtoto, mimi siiweki kwenye mashine ya mtandaoni hata ikifichwa. Huo ni msimamo wangu, si sheria.

#22 Wakili wa Mtaani (Nairobi)
Mimi ningeongeza idhini. Mteja aandike kwenye kipande cha karatasi kwamba anajua sehemu ya hati yake itapita kwenye zana ya mtandaoni. Kuficha majina kunapunguza hatari, hakuondoi wajibu, kwa sababu ile orodha ya A01 ipo na Fundi anaweza kuunganisha tena.

#23 Mkalimani Huru
Hapo tunatofautiana, wakili. Kilichofika Google hakina jina wala kijiji. Wao hawawezi kuunganisha.

#24 Wakili wa Mtaani (Nairobi)
Wao labda. Lakini mwenye kuchakata ni Fundi, na kwake ile karatasi bado ni taarifa binafsi. Sidhani kama mahakama yoyote huku kwetu imeulizwa swali hilo hasa, la steshenari.

#25 Bi Mkubwa wa Tanga
Na mtu ambaye hajui kusoma atasaini nini? Wateja wengi wa hizo barua ndio hao.

#26 Karani Mstaafu
Bi Mkubwa kauliza la maana. Na mimi niulize jingine. Hiyo karatasi ya A01 unaiweka wapi? Ikiwa dukani kwa mama karanga tumerudi pale pale.

#27 Mkalimani Huru
Mteja anaondoka nayo pamoja na kazi yake. Mimi sibaki na kopi.

#28 Karani Mstaafu
Akirudi baada ya mwezi anataka marekebisho, utajua vipi A01 alikuwa nani?

#29 Mkalimani Huru
Anakuja na karatasi yake. Akiipoteza tunaanza upya na analipa upya. Imeshatokea, mteja alikasirika.

#30 Mchokozi255
Sasa ndiyo bei inapanda. Fundi bado hujajibu swali langu la #2.

#31 Fundi Chapa
Ukurasa elfu tatu mkuu, na wa kufichwa majina nadhani utakuwa elfu tano. Asanteni wote. Yule mama akija nitamwonyesha kipande cha #15 achague mwenyewe sehemu za kufanyiwa kwa mkono. Hilo la idhini bado sijalielewa vizuri, wakili, kama una mfano wa maneno ya kuandika weka hapa, yawe mistari miwili au mitatu, ya kusomewa mtu kwa sauti.

#32 Karani Mstaafu
Mimi bado nasema hukumu ni hati ya wazi.